Kulipa ada ya chuo India ukiwa Kigoma: kuanzia invoisi mpaka risiti mkononi

Mdogo wangu anasoma India, mwaka wa pili sasa, na mimi ndo naetumwa benki kila ada ikifika kwa sababu baba anasema makaratasi ya benki yanamuumiza macho. Semista ya kwanza tulituma dola 2,150 kamili kama invoisi ilivyosema, tukarudi nyumbani Mwanga tunatembea kifua mbele, wiki mbili baadae dogo anapiga simu anasema chuo kimemnyima kibali cha kufanyia mtihani kwa sababu anadaiwa dola 25. Dola 25! Na ukituma hizo 25 kwa benki unakatwa makato makubwa kuliko hela yenyewe. Tangu siku hiyo nimejifunza hii kitu vizuri, na majirani wananiuliza kila mara, so naandika hapa yote mara moja.

Naongelea njia ya benki kwa benki tu, ile kaunta wanaita TT, kutoka akaunti ya shilingi ya Tanzania kwenda akaunti ya chuo India. Kadi ya Visa au Mastercard inawezekana kama chuo kina sehemu ya kulipia mtandaoni, ila kadi nyingi zina kikomo cha kutumia kwa siku na vyuo vingine vinakuongezea asilimia juu ya ada, kwa milioni tano na kitu unaumia. Kwa vitu vidogo kama fomu ya maombi kadi ni poa, kwa ada nzima mimi naenda benki.

Kabla hujapanda bodaboda kwenda benki

Kitu cha kwanza ni invoisi au barua ya kudai ada ya semista hiyo hiyo, sio ile ya mwaka jana. Barua ya kupokelewa chuo peke yake haitoshi, kwa sababu benki inataka kuona kiasi, sababu ya malipo na akaunti inakoenda hela, vyote kwenye karatasi ya chuo. Ongeza nakala ya pasipoti ya mwanafunzi, kitambulisho chako cha NIDA, na kama unaelipa ni mzazi au ndugu beba cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi kinachoonyesha uhusiano. Sio kila siku wanakiomba, ila siku wakikiomba na wewe umetoka Kasulu na basi la asubuhi utajua kwa nini nimekwambia ubebe.

Kuna swali moja linawakuta sana watu wetu huku: hela imetoka wapi? Shemeji yangu anafanya dagaa pale Kibirizi, hela zake nyingi ni keshi, akaja siku moja na milioni sita kwenye mfuko wa plastiki anataka ziingie kwenye akaunti na kutoka siku hiyo hiyo kwenda India. Dada wa kaunta akamwambia, "Kaka, hela yako haina shida, ila akaunti yako miezi mitatu haijapita hata laki tano, lazima nijue imetokea wapi." Hapo hajamdharau, sheria za utakatishaji fedha zinawabana hivyo. Ukiwa na leseni ya biashara, risiti za mauzo, au mkataba wa kuuza kiwanja au michikichi, beba. Na kama unaweza, ingiza hela kidogo kidogo kadri unavyouza badala ya kuzimwaga zote siku ya mwisho. Wenzetu wa Tabora wanaolipwa tumbaku kupitia chama cha msingi wana nafuu, maana malipo yao yanaingia akaunti yakiwa na jina la mlipaji.

Sasa zile taarifa za akaunti ya chuo, hapa tulia kabisa. Unahitaji jina la mwenye akaunti kama lilivyoandikwa benki, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, SWIFT, na IFSC. SWIFT ni utambulisho wa benki kimataifa, ina herufi 8 au 11, na herufi ya tano na ya sita ndo nchi, kwa India lazima usome IN hapo, mfano SBININBB ni ya State Bank of India. Ukikuta hapo kuna herufi za nchi nyingine wakati chuo kiko India, simama kwanza. IFSC ni kitu cha ndani ya India, herufi na namba 11, nne za mwanzo ni benki, ya tano daima ni sifuri, sita za mwisho ni tawi. Umuhimu wake ni kwamba matawi mengi ya India hayana SWIFT yake, hela inafikia tawi kubwa afu IFSC ndo inaonyesha iende wapi. Fomu ikiuliza IBAN usihangaike, India haitumii IBAN, unaweka namba ya akaunti ya kawaida.

Afu jina la akaunti liwe la chuo. Sio la wakala, sio la "mratibu wa wanafunzi wa Afrika", sio la mtu yoyote. Kuna utapeli wa imeili ambao mtu anaingilia mawasiliano, anakutumia invoisi ile ile yenye nembo ile ile ila namba ya akaunti imebadilishwa, na maneno kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi. Ukiona akaunti imebadilika kati ya semista na semista, usijibu ile imeili. Mtume mwanafunzi aende mwenyewe ofisi ya uhasibu ya chuo na invoisi mkononi aulize kama hiyo ndo akaunti yao. Kama bado hajasafiri, piga namba uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, sio iliyo chini ya imeili.

Ile dola 25 ilikwenda wapi

Hii ndo sehemu ambayo watu wengi wanapigwa, naieleza taratibu.

Dola ikitoka Tanzania kwenda India haiendi moja kwa moja. Benki yako ina akaunti ya dola kwenye benki kubwa, kwa kawaida New York, na benki ya chuo nayo ina ya kwake huko. Kwa hiyo hela inapita katikati kwenye benki moja au mbili ambazo wewe huzijui na hujasaini nazo chochote, na kila moja inaweza kukata ujira wake humo humo kwenye hela inayopita. Kwenye fomu ya TT kuna kasehemu kadogo kanauliza nani analipa gharama, na kuna majibu matatu: OUR, SHA na BEN. OUR maana yake mtumaji unalipa zote, za benki yako na za njiani, ili chuo kipate kamili. SHA unalipa za benki yako tu, za njiani na za upande wa pili zinamegwa kwenye ada. BEN zote zinamegwa kwenye ada.

Mimi siku ile sikuweka alama yoyote, nikaacha wazi, ikaenda kama SHA. Benki ya katikati ikakata 15, benki ya India ikakata 10, chuo kikapata 2,125 na mfumo wao wa kompyuta haujui huruma, ukaandika anadaiwa. Kwa ada weka OUR, na usiweke tu alama, mwambie mtu wa kaunta kwa mdomo, "Nataka chuo kipate kamili, gharama zote kata kwangu." Kuna benki inakutoza kiasi kilichopangwa kwa OUR, nyingine inakukata baadae gharama za njiani zikirudi, kwa hiyo bakiza kidogo kwenye akaunti. Hata OUR sio asilimia mia, maana benki ya chuo inaweza kuwa na tozo yake ya kupokea, ndo maana mimi naongeza dola 10 juu ya ada kila mara. Zikizidi chuo kinaziweka kwenye ada ya semista ijayo, sijawahi kugombana nao kwa kuwazidishia.

Hesabu yenyewe

Hizi namba za reti na makato ni za mfano ili uone mpangilio, siku yako utaweka za benki yako.

Ada ni dola 2,150. Benki inakuuzia dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni 5,590,000. Makato ya TT pamoja na kodi zake tuseme dola 45, na OUR dola 30, jumla 75, ambazo ni 195,000. Kwa hiyo akaunti inatakiwa iwe na 5,785,000 na hapo hujaweka ile akiba ya dola 10 wala ya makato yatakayochelewa.

Watu wanalalamikia ile 195,000 kwa sababu wanaiona kwenye karatasi. Ila angalia reti. Benki Kuu inatoa reti ya kila siku kwenye tovuti yake, kama siku hiyo wastani ni 2,560 na benki yako inauza 2,600, tofauti ya shilingi 40 mara 2,150 ni 86,000, na hiyo haiandikwi popote kama makato. Kwa hiyo ukilinganisha benki mbili usiulize tu "TT shilingi ngapi", uliza "dola 2,150 zifike India kamili, akaunti yangu itatoka shilingi ngapi jumla?" Swali moja, jibu moja, unalinganisha. Na reti inaombeka. Ukiwa na kiasi kama hiki mwombe meneja wa tawi akuombee reti nzuri makao makuu, mimi niliwahi kupunguziwa shilingi 12 kwa kila dola kwa kuuliza tu, hiyo ni 25,800 ya bure kabisa.

Kama ada imeandikwa kwa rupia jua kwamba sisi tunatuma dola, benki ya kule ndo inabadilisha kwa reti yake ya siku hela ilipofika. Hapo usitume sawasawa na hesabu ya Google, ongeza kama asilimia mbili, la sivyo utarudi kwenye hadithi ya dola 25.

Siku ya kaunta

Nenda asubuhi. Tawi la Kigoma linapokea fomu tu, kwa kawaida ujumbe wenyewe unatumwa kutoka makao makuu Dar, na wana saa ya mwisho ya kupokea za siku hiyo. Uliza ni saa ngapi kwenye benki yako. Ukichelewa inaenda kesho yake. Na angalia sikukuu za Marekani pia, maana dola inapita New York. Mwaka 2025 tarehe 4 Julai ilikuwa Ijumaa, Marekani wamefunga, Jumamosi na Jumapili hakuna kitu, Jumatatu tarehe 7 ni Sabasaba huku kwetu. Aliyepeleka fomu Alhamisi jioni akakuta dada wa kaunta amefunga za siku hiyo, hela yake imekaa njiani mpaka wiki iliyofuata wakati chuo kinahesabu faini ya kuchelewa. Mimi siku hizi napeleka siku kumi za kazi kabla ya tarehe ya mwisho, na wala sioni aibu.

Kwenye fomu sehemu inayosumbua ni maelezo ya malipo. Watu wanaandika "ada ya mtoto". Sasa fikiria mhasibu wa chuo kule India, hela imeingia kwa jina la baba yangu, mwanafunzi anatumia jina la babu kwenye pasipoti, maelezo yanasema ada ya mtoto, atajuaje ni ya nani kati ya wanafunzi elfu kadhaa? Hela inakaa kwenye kapu la zisizojulikana. Nafasi ya maelezo ni herufi 140 tu ukihesabu na nafasi zilizo wazi, kwa hiyo anza na kile ambacho kompyuta ya chuo inakitambua, yaani namba ya mwanafunzi, kisha jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha semista. Maneno mengine hayana kazi. Andika kwa herufi kubwa na kwa Kiingereza, na usiweke alama za ajabu ajabu.

Kama jina lako au la mwanafunzi ni la kawaida sana, Mohamed Ali, Hassan Juma, hivyo, usishtuke benki ikikupigia kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta zinalinganisha majina na orodha za watu waliowekewa vikwazo, likifanana hata kidogo linasimama mpaka mtu alisafishe kwa mkono. Washa simu siku hizo mbili tatu. Shemeji alizima simu yupo ziwani na mtumbwi, malipo yakakaa siku nne yanamsubiri yeye.

Ile karatasi yenye muhuri sio ushahidi

Ukimaliza unapewa nakala ya fomu imegongwa muhuri. Wengi wanapiga picha wanatuma wasap kwa mtoto, "tayari mwanangu". Hiyo karatasi inasema benki imepokea ombi lako, haisemi kwamba hela imeondoka. Chuo kinachojua mambo hakiikubali.

Unachotakiwa kuomba ni MT103. Ni nakala ya ujumbe wenyewe uliotumwa kati ya benki na benki. Kiufundi tangu Novemba 2025 benki za dunia zimehamia ujumbe mpya unaoitwa pacs.008, lakini kaunta na vyuo bado wanaita MT103 na ukisema hivyo utaeleweka. Omba kesho yake, wakutumie kwa imeili kama PDF. Ukiipata usiifungue tu na kuipeleka mbele, isome, ina mistari michache ya kuangalia:

```
:32A:250717USD2150,00
:59:/namba ya akaunti ya chuo
:70:namba, jina, semista
:71A:OUR
```

Huo wa kwanza ni tarehe na kiasi, kwa hiyo 250717 ni tarehe 17 Julai 2025, na usishangae koma kwenye 2150,00, ndo wanavyoandika nukta. Wa pili ni akaunti ya chuo, linganisha tarakimu moja moja na invoisi, mtoto mmoja asome mwingine aangalie. Wa tatu ni yale maelezo yako, hakikisha hayajakatwa katikati. Wa nne ndo ule ugomvi wa gharama, ukikuta SHA wakati ulisema OUR rudi benki siku hiyo hiyo.

Kuna na namba nyingine ndefu inaitwa UETR, herufi na tarakimu zenye vistari katikati, jumla 36. Hii ndo namba ya kufuatilia. Chuo kikisema hatujaona hela, usianze kubishana, wape UETR waipeleke benki yao, na wewe mpe benki yako waangalie imesimama wapi. Inaonyesha benki gani inayo sasa hivi na mara nyingi hata kiasi kilichokatwa. Mara ya pili chuo kilidai hakijapata, benki yangu ikaangalia dakika tano tu, hela ilikuwa imeingia akaunti ya chuo siku tatu nyuma, tatizo lilikuwa uhasibu.

Kwa chuo tuma imeili moja yenye invoisi na MT103, kichwa cha imeili kiwe namba ya mwanafunzi, jina na kiasi. Mwanafunzi mwenyewe ndo aitume kwa imeili yake ya chuo, maana ofisi nyingi hazimjibu mzazi wasiyemjua. Vyuo vingine vya India vinasubiri pia karatasi ya benki yao inayothibitisha hela imetoka nje, wanaiita FIRC, hiyo sio kazi yako kuitafuta, ila ukiambiwa "tunasubiri FIRC" ujue hela imefika na wako kwenye makaratasi. Kazi inakuwa imeisha chuo kikitoa risiti yake yenye jina la mwanafunzi na salio sifuri.

Hela ikirudi

Inatokea. Namba moja ya akaunti imekosewa, au viza imekataliwa na chuo kinarudisha ada. Hapa ndo utajua kwa nini nasema ulipe kwa akaunti yako na sio ya rafiki, maana kwa kawaida chuo kinarudisha kwenye akaunti ile ile iliyotuma, na kitaomba MT103 kujua ni ipi. Na haitarudi kama ilivyoenda. Chukua mfano wetu, dola 2,150 zimekatwa 35 njiani zimebaki 2,115, na benki inazinunua kwako kwa reti ya kununua, tuseme 2,500, unapata 5,287,500. Ulitoa 5,785,000. Laki nne na elfu tisini na saba na mia tano zimeyeyuka na hakuna aliyekuibia. Kwa hiyo kama viza bado haijatoka, muulize chuo kama kinakubali malipo ya awali tu kwanza, na usome masharti yao ya kurudisha kabla hujalipa mwaka mzima.

Risiti za chuo na MT103 zote mwambie mwanafunzi aziweke sehemu moja, za semista zote. Akifika muda wa kuongeza kibali cha kukaa India atahitaji barua ya bonafaidi kutoka chuoni, ile inayothibitisha ni mwanafunzi wao, na uhasibu wakiona deni kwenye kompyuta yao hata la mwaka jana hawaisaini. Dogo alitolewa kwenye foleni kwa zile dola 25 ambazo tulishazilipa kitambo, ila risiti yake ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa. Ikabidi mimi nirudi benki pale mjini kuomba nakala ya MT103 ya miezi kumi na nne nyuma, wakanitoza hela ya kuitafuta, nikasubiri siku mbili.